Paja Linawaka, Lakini Shida Iko Pale Mshipi Unakaa

Hii ni ile hotuba niliwapea masoja na wamama wa soko hapa Kisumu Jumamosi iliyopita, wengi walikuwa wametoka shifti ya usiku na wengine walikosa nafasi ya kuja, kwa hivyo nimeiandika karibu vile niliongea, na nimeongezea vitu viwili vitatu nilisahau siku hiyo.

Hamjambo wazee, hamjambo akina mama, na nyinyi vijana mmesimama huko nyuma karibuni mbele viti viko.

Kabla sijaanza naomba kila mtu aache mkono uning'inie tu hivi kando ya mwili. Pale kiganja kimegusa paja, kwa ile side ya nje, pale mshono wa longi unapitia, hapo ndio tunaongelea leo. Sio goti, sio mgongo, sio ndani ya paja. Ni hapo nje, na kidogo kwa mbele, nafasi kama ya kiganja kimoja au viwili. Kuna watu hapa ndani hiyo nafasi yao imekufa ganzi, ukiishika ni kama unashika paja la mtu mwingine, na bado hiyo hiyo inawaka moto, inachoma kama imepakwa pilipili, hata longi ikigusa unataka kuivua. Nimeona mikono minne imeinuka. Sawa, tutaongea.

Nitaanza na soja mmoja, yeye ndiye alinipa ruhusa ya kusema hii maneno bila kutaja jina lake. Ni mtu wa miaka arobaini na kitu, analinda geti usiku, saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na kazi yake ni ya kusimama na kutembea kutembea juu hakuna kiti pale. Mwezi wa tatu kwa hiyo kazi akaanza kusikia kitu kama maji ya moto inateremka kwa paja la kushoto. Akaangalia, hakuna maji. Akafikiria ni simu inapata joto kwa mfuko, akahamisha simu upande wa kulia, ikaendelea kuwaka. Baada ya wiki kama mbili akagundua pale inawaka pia hapasikii vizuri, akijikuna ni kama anajikuna juu ya blanketi.

Sasa mnajua vile sisi hufanya. Alienda kemisti akapewa dawa ya kupaka, ile ya kuchoma, akapaka. Haikusaidia. Akapewa sindano ya vitamini, moja kila wiki. Haikusaidia. Mtu akamwambia ni mgongo, akatoa pesa ya eksirei, mgongo ukaonekana wa mtu wa umri wake tu. Jirani akamwambia hiyo ni mwanzo wa stroku, na hapo ndio usingizi wa mchana ukaisha kabisa. Halafu bibi yake kwa kumhurumia akawa anamkanda na taulo ya maji moto kila asubuhi akitoka kazi, na siku moja maji yalikuwa moto sana na yeye hakusikia, si hapo pamekufa ganzi, akaungua mpaka ngozi ikatoka malengelenge. Hivyo ndivyo alifika kwangu, na kidonda cha moto, sio hata na hiyo shida yenyewe. Nilimuuliza ilikuwaje hukusikia maji, akaniambia daktari hapo sisikiangi kitu miezi nne sasa. Nikaweka bandeji chini kwanza tukaongea.

Naomba hiyo mshike hata kama mtasahau yale mengine yote. Mahali pamekufa ganzi usipakande na maji moto, usiweke chupa ya moto, usipake dawa za kuchoma. Ngozi yenyewe haina ugonjwa wowote, na ile kengele ya kukuambia toa mkono imezimwa.

Sasa kama ngozi haina shida, moto unatoka wapi?

Simameni kidogo. Weka mkono kwa kiuno vile mama husimama akigombana na mtoto. Vidole viko mbele, si ndio? Telezesha kidole mbele kwa huo mfupa wa nyonga mpaka ufike ile ncha yake ya mbele kabisa, pale mfupa unaisha na tumbo linaanza. Watu wembamba mnaiona hata kwa macho, wanene mbonyeze kidogo. Kutoka hiyo ncha kuna utepe mgumu wa kano unateremka kwa kinena mpaka katikati huku chini. Na hapo karibu na ncha, kama upana wa kidole kimoja ukienda ndani, kwa watu wengi ndipo neva moja inapita chini ya huo utepe ikitoka tumboni kuingia pajani.

Hiyo neva imetoka mbali. Imeanzia kwa mgongo wa chini, pale pingili ya pili na ya tatu ya kiuno, ikapita ndani ya tumbo kwa nyuma, ikazunguka na ukuta wa nyonga mpaka mbele, halafu ikifika kwa huo utepe inabidi ipinde kona kali kuteremka chini. Ni nyembamba, na kazi yake ni moja tu, kuleta habari za ngozi ya side ya nje ya paja. Haisukumi msuli wowote. Haiinui mguu, haikunji goti. Ni neva ya ngozi peke yake, na hiyo ndio itatusaidia baadaye kujua kama ni yenyewe ama ni kitu kingine.

Mnajua charja ya simu vile huharibikanga. Haiharibiki katikati ya waya, inaharibika pale shingoni, pale inapinda kila siku. Simu haina shida, soketi haina shida, lakini pale shingoni waya imechoka na simu inaingiza moto, inakata, inaingiza, inakata. Hii neva shingo yake ni hapo kwa utepe. Ukiifinya hapo kutoka nje na mshipi, ama kutoka ndani na tumbo ambalo limekuwa kubwa, ile ngozi ya juu ya nyuzi zake inaanza kuharibika na damu ya kuilisha inapungua.

Halafu kuna kitu watu huniuliza sana, inawezekanaje paja life ganzi na bado lichome, si ni moja ama nyingine? Hapana, zote mbili zinakuja pamoja juu neva sio uzi mmoja, ni nyuzi nyingi zimefungwa pamoja. Zile zimefinywa sana zinanyamaza, hazipeleki habari, hapo ndio ganzi. Zile zimekasirishwa tu lakini hazijanyamaza zinaanza kupiga kelele zenyewe bila kuguswa, na ubongo ukipokea hiyo kelele hauna njia ya kujua imetoka katikati ya njia, umezoea waya hii ni ya paja, kwa hivyo unakuambia paja linaungua. Ndio maana unaweza kupaka paja dawa ya kila aina mwaka mzima na usiguse shida hata kidogo.

Na kwa nini inakuwa mbaya ukisimama? Ukisimama wima, na zaidi ukitembea ukarudisha mguu nyuma, nyonga inanyooka na ile neva inavutwa ikakazwa kwa utepe kama kamba ya kuanika nguo. Ukiketi nyonga inakunjika, kamba inalegea. Huyu soja wangu nilipomuuliza inakuwa mbaya lini, akasema saa nane usiku hivi, baada ya kusimama sana, na akipata tu jiwe la kukalia dakika kumi inatulia. Hayo maneno mawili, kusimama inaniua na kukaa inanipoza, yalinifungua macho kuliko ile eksirei.

Basi nikamwambia asimame vile husimama kazini, na vitu vyake vyote. Mshipi wa kazi, ule mzito, kwa mshipi ameangika rungu, tochi kubwa ya betri, redio ya kuongea, na bunda la funguo za geti na stoo. Vyote vya uzito viko upande wa kushoto juu mkono wa kulia anataka uwe huru. Na kwa vile vitu ni vizito mshipi unateremka, kwa hivyo alikuwa ameukaza mpaka tundu la mwisho, na tundu lingine akatoboa mwenyewe na msumari. Nilipoufungua ngozi yake ilikuwa na alama ya mshipi, mstari mwekundu mnene, na huo mstari ulikuwa umepita juu kabisa ya ile ncha ya mfupa niliwaonyesha. Sikuhitaji mashine.

Lakini nilimpima bado, na nitawaambia vile nilipima ndio mkienda hospitali mjue mtu anafanya nini. Nilimpa kalamu ya kawaida nikamwambia chora wewe mwenyewe mpaka wa pale hapasikii. Akachora kitu kama yai refu, linaanza kama kiganja kimoja chini ya nyonga mpaka juu kidogo ya goti, nje ya paja. Haikuvuka goti. Haikuingia ndani ya paja. Hiyo ramani ni ya hii neva. Nikagusa na pamba akiwa amefunga macho, ndani ya mstari hajui, nje ya mstari anajua. Halafu nikagonga goti na kale ka nyundo, mguu ukaruka vizuri pande zote mbili. Nikamwambia nyoosha goti nikizuia, inua paja nikikandamiza, alikuwa na nguvu kunishinda. Hizo mbili ni muhimu sana. Kama ingekuwa ni neva imefinywa kule kwa mgongo, ama ile neva kubwa ya mbele ya paja, goti lingekuwa dhaifu ama lisingeruka. Na kama ingekuwa ni stroku, ganzi haingechora yai kwa paja peke yake ikaacha mkono, uso na mguu wote uliobaki, na haingekuwa inapoa ukikaa kwa jiwe.

Mwisho nikamlaza kwa upande wa kulia, paja baya likiwa juu, nikaweka mikono miwili kwa nyonga nikakandamiza kuelekea chini, nikahesabu sekunde arobaini na tano. Ukikandamiza hivyo ule utepe unalegea na neva inapata nafasi ya kupumua. Kama kwa sekunde thelathini hivi akaniambia, daktari, umefanya nini, imepungua. Alinyamaza, halafu akaniuliza kama naweza kuenda naye kazini nimkandamize usiku kucha.

Ugonjwa huu una jina gumu, meralgia parestetika, inatoka kwa Kigiriki, meros ni paja na algos ni maumivu. Daktari wa Ujerumani Martin Bernhardt aliandika juu yake 1878, na 1895 Mrusi Vladimir Roth ndiye akaupa hilo jina, na yeye aliuona kwa askari wa farasi waliokuwa wanakaza mishipi yao sana. Kwa hivyo kutoka askari wa farasi mpaka soja wa geti hapa kwetu ni hadithi moja. Hata Sigmund Freud, yule wa mambo ya akili, alikuwa nayo mwenyewe na akaiandika mwaka huo huo wa 1895.

Tulifanya nini na soja? Dawa kubwa ilikuwa ni kuutoa mshipi. Lakini si unajua mtu hawezi kuambia bosi sitaki mshipi, kwa hivyo tuligawa uzito. Tochi na redio zikaingia kwa begi ndogo ya kuvaa begani, funguo akaziacha kwa msumari ndani ya kibanda, rungu akashika mkononi vile mababu walishika. Mshipi ukabaki mwepesi, akaulegeza mpaka vidole viwili vinapita kati yake na tumbo, na longi yenyewe akaishonea kanda za mabegani ndio isianguke. Supavaiza alikasirika siku mbili akazoea. Halafu nikamwandikia barua fupi apewe kiti, akae dakika kumi kila baada ya saa moja hivi. Kidonda cha moto tulikitibu kando.

Dawa za maumivu za kawaida hazikumsaidia sana, na huo ni ukweli, panadoli haitulizi sana neva inayopiga kelele. Kuna dawa za kutuliza neva, amitriptilini kiasi kidogo usiku, ama gabapentini, zinafanya kazi kwa wengi lakini zinaleta usingizi, na soja wa usiku ukimpa dawa ya usingizi saa tatu usiku umempeleka kufutwa kazi. Tulimpa ameze asubuhi akienda kulala. Hiyo ndio maana nawaomba mkiandikiwa dawa mwambie daktari unafanya kazi saa ngapi.

Wiki ya tatu moto ulikuwa umepungua, wiki ya sita ukaisha isipokuwa akitembea sana. Ganzi ndio ilichelewa. Tulichora tena na kalamu kila mwezi, na lile yai likawa linakuwa dogo dogo, mwezi wa tano likabaki kama sarafu ya shilingi ishirini, na bado liko leo, halimsumbui. Naomba msivunjike moyo moto ukiisha na ganzi ikabaki. Moto ukiisha ni neva imewacha kusumbuliwa, lakini ganzi inangoja waya ijitengeneze na hiyo huchukua miezi.

Akina mama msidhani hii ni ya masoja. Pale Kibuye na soko zingine kuna kale kapochi ka pesa mnafunga chini ya leso, kamejaa sarafu na simu, na juu yake mnakaza kamba ndio mwizi asifikie. Mama mmoja alinionyesha yake, tuliweka kwa mizani ya nyanya ikawa karibu kilo moja na nusu, imekaa hapo hapo kwa ncha ya mfupa kutoka saa kumi na moja alfajiri. Ivalie begani ndani ya blausi, ama ihamishe nyuma. Mama mjamzito, tumbo likiteremka linaweza kufinya hiyo neva kutoka ndani, na kwa wengi inaisha baada ya kujifungua, huhitaji eksirei. Watu wa uzito mwingi tumboni ni hivyo hivyo, tumbo linalala juu ya utepe, na ukipunguza hata kiasi neva inapata nafasi. Na watu wa sukari neva zao zinachoka haraka, wanapata hii shida kuliko wengine, kwa hivyo kama una hili ganzi na hujawahi kupimwa sukari, pima. Jinzi za kubana, corset za harusi, mishipi mipana ya chuma, hizo hata sisemi sana, ukishaonyeshwa mfupa unajua mwenyewe nini inaukalia.

Sasa kuna ganzi ambayo sio hii na sitaki mtu alegeze mshipi akae nyumbani akingoja. Kama mguu hauna nguvu, unateleza ukipanda ngazi, goti linakukosa. Kama ganzi imeteremka chini ya goti ama imeingia pale unakalia, na mkojo unatoka bila kujua ama unakataa kutoka, hiyo ni ya kukimbia hospitali siku hiyo hiyo, usiku pia. Kama ni pande zote mbili na inapanda. Kama umekonda bila sababu, ama unasikia uvimbe tumboni ama kinena, hiyo neva imepita njia ndefu ndani ya tumbo na kitu huko ndani kinaweza kuifinya, tunataka kukiona. Na kama umefanyiwa opareshen ya nyonga ama wametoa kipande cha mfupa hapo mbele halafu ikaanza, rudi kwa aliyekupasua umwambie.

Mzee mmoja aliuliza, na kama nimelegeza mshipi, nimepunguza mwili, nimemeza dawa, miezi inapita na bado nachomeka? Hapo kuna sindano, anaidunga mtu anayejua, karibu na ile ncha ya mfupa, dawa ya ganzi kidogo na dawa ya kupunguza uvimbe, na vizuri akitumia mashine ya kuona neva juu kwa watu wengine haipiti pale vitabu vinasema, wengine inapita juu ya mfupa, wengine inapasua katikati ya utepe. Hiyo sindano pia inajibu swali. Moto ukizimika dakika chache baada ya dawa ya ganzi, tunajua ni yenyewe. Usipozimika, tunaanza kutafuta upya.

Halafu mama mmoja pale mbele, alikuwa amenyamaza muda wote, akauliza si wanaweza kuikata tu hiyo neva iishe. Wanaweza. Kuna opareshen ya kulegeza utepe neva ibaki, na kuna ya kuikata kabisa, na ni wachache sana wanafika huko. Nilimwambia ukikatwa moto kawaida unaisha, mguu utatembea vizuri kama kawaida juu hiyo neva haisukumi msuli, lakini hapo kwa paja hutasikia tena maisha yako yote, si maji, si moto, si mkono wa mtoto. Alishika paja lake akafikiria kidogo, akaanza kufungua kapochi kake.